Aliyenakili Alifundishwa Nini?

Oktoba 2018, watoto wa darasa la saba katika Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, walirudi kwenye madawati kufanya upya mtihani ambao walikwisha kuumaliza mwezi mmoja nyuma. Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa limefuta matokeo ya shule zote za msingi za wilaya hiyo, pamoja na ya shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa, baada ya kubaini kuwa mtihani ulivuja. Waliotuhumiwa kuuvujisha hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, walimu na maofisa waliokabidhiwa dhamana ya kuulinda.

Mjadala uliofuata ulihusu adhabu: nani afukuzwe kazi, nani apelekwe mahakamani. Mjadala huo ulistahili kuwapo. Lakini kuna swali ambalo halikupata nafasi, nalo ni la mtoto mwenyewe. Amekaa darasani miaka saba, na siku ya mwisho mwalimu wake aliyemfundisha kusoma anamletea majibu kwenye kipande cha karatasi. Hapo amefundishwa somo ambalo halimo kwenye muhtasari wowote: kwamba jibu hutoka kwa mtu mwingine, na kazi yake yeye ni kulihamisha. Rika lile limeanza kuingia vyuoni. Huko wataambiwa waandike insha yenye marejeo, na baadaye tasnifu, na wengi wao watafanya kile walichokizoea. Wakikamatwa, tutashangaa maadili yao yameporomoka lini.

Watu wengi huutenga udanganyifu wa mtihani na wizi wa maandishi, kana kwamba kibomu alichokificha mtahiniwa kwenye soksi na aya iliyonyofolewa mtandaoni ni mambo mawili yasiyojuana. Mimi naona ni mazoea yaleyale kwenye madarasa tofauti, na yanaanza mapema kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na namna udanganyifu unavyojulikana, maana hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika mtihani wa kuchagua herufi, watoto wawili wakipata maswali yaleyale hiyo si dalili ya chochote. Huenda wote wawili walisoma. Kinachowaumbua ni makosa. Tuseme wawili hao wamekosa maswali 20 yaleyale, na kila swali lina herufi tano, maana yake herufi nne si sahihi. Kama kila mmoja alibahatisha kivyake, ungetarajia waangukie herufi moja isiyo sahihi katika maswali kama matano hivi. Ukikuta wamekosa kwa herufi ileile katika maswali 18 kati ya 20, hapo kuna mmoja aliyeangalizia, au wote wawili wamepewa majibu na mtu wa tatu ambaye naye hakuyajua vizuri. Ndiyo maana darasa zima lililopewa majibu na mwalimu aliyekosea hujitambulisha lenyewe.

Hata hivyo kipimo hiki kina mpaka wake. Mwalimu akifundisha jambo isivyo, tuseme amewaambia wanafunzi wake mwaka mzima kwamba sehemu hugawanywa kwa namna fulani ambayo si sahihi, darasa zima litakosa kwa njia moja bila mtu yeyote kumwangalizia mwenzake. Kwa hiyo mfanano wa makosa ni sababu ya kuchunguza zaidi, kuangalia ramani ya ukaaji, madaftari ya mwaka mzima na taarifa za wasimamizi. Hautoshi peke yake kumhukumu mtoto.

Je, ulinzi husaidia? Husaidia sana, na Kenya ni ushahidi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2015, watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo. Machi 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya baraza la mitihani, na Profesa George Magoha akawa mwenyekiti mpya. Karatasi zikawekwa kwenye makontena ya chuma yanayofunguliwa asubuhi ya mtihani mbele ya maofisa, wakuu wa shule wakabebeshwa dhamana ya vituo vyao, na ziara na sala za kuwaombea watahiniwa katika muhula wa tatu zikapigwa marufuku kwa kuwa ndizo zilizokuwa mlango wa kupenyezea karatasi. Matokeo yalipotangazwa kabla mwaka haujaisha, waliopata alama ya A kamili walikuwa 141. Mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Waliofikia kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu walishuka kutoka zaidi ya 165,000 hadi chini ya 90,000.

Si haki kusema kila aliyepungua hapo alikuwa mwizi, kwa sababu namna ya kusahihisha na kupanga alama nayo ilizua ubishi mkubwa mwaka ule. Lakini anguko la ukubwa huo linatuambia kwamba miaka iliyotangulia sehemu ya tulichokiita kufaulu haikuwa elimu. Kontena lilifichua hali hiyo. Halikumfundisha mtu kitu. Kijana aliyekuwa akipewa majibu na sasa hapewi, bado hajui kilichomo kwenye somo. Tofauti ni kwamba sasa tunajua kuwa hajui.

Sasa tuingie darasani siku ya kawaida, siku ambayo hakuna mtihani. Shule ya sekondari ya kata, wanafunzi wamejaa, vitabu ni vichache. Mwalimu ana vipindi vingi kuliko nguvu zake. Anamkabidhi kiongozi wa darasa daftari la notisi, kijana anaziandika ubaoni, na wenzake wote wanazinakili. Kipindi kinaisha bila mtu kusema sentensi moja ya kwake. Mwisho wa wiki mwalimu anakagua madaftari na kutia vema palipo na notisi kamili. Yule aliyenakili vizuri zaidi ndiye anayesifiwa. Hali hii ikidumu miaka minne, kunakili kunakuwa ndiyo sura ya bidii.

Juu ya hilo liko suala la lugha. Mtoto wa shule ya umma Tanzania husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza baiolojia na jiografia vyote vinageuka Kiingereza. Watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 ukiwakutanisha wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwe, akiwamo Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha jambo ambalo walimu wengi walikuwa wakiliona kila siku: wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walieleza mambo kwa upana, wakauliza na kubishana, ilhali wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza walinyamaza au wakarudia maneno ya mwalimu. Taarifa za uchambuzi wa majibu ambazo Baraza la Mitihani huzitoa kwa kila somo nazo zinaeleza mara kwa mara watahiniwa waliojibu swali la ufahamu kwa kunakili sentensi za kifungu, au waliohamisha maneno kutoka swali moja kwenda jingine. Mtu wa namna hiyo hamdanganyi yeyote, kwa kuwa msahihishaji analo kifungu hicho mbele yake. Amekwama tu. Anayo mawazo, ila hana sentensi za kuyabebea, basi anaazima sentensi za mwingine.

Hapa ndipo wizi wa maandishi wa vyuoni unapozaliwa. Mwanafunzi anafika mwaka wa kwanza, anapewa kijitabu chenye onyo kwamba kunakili ni kosa linaloweza kumfukuzisha chuo, halafu anaombwa aandike kurasa nane. Onyo analo. Njia ya kuandika bila kunakili hajaonyeshwa.

Miaka ya 1990 Rebecca Moore Howard, mwalimu wa uandishi wa vyuo vikuu Marekani, alichunguza kazi za wanafunzi wake na kukataa kuziita zote wizi. Aliona kwamba wengi walikuwa wanafanya kitu ambacho kwa Kiswahili naweza kukiita uandishi wa viraka: wanachukua sentensi ya kitabu, wanabadilisha neno hapa na pale, wanahamisha kishazi kimoja, na wanaamini kwa moyo mweupe kuwa wameandika kwa maneno yao. Kwa Howard, hiyo ni hatua ambayo mwandishi mchanga huipitia anapojaribu kuingia katika taaluma asiyoimudu bado.

Tuuone mfano kwa karibu. Sentensi ya chanzo nimeitunga mwenyewe, ingawa tukio inalolieleza ni la kweli. Tuseme kitabu kinasema:

"Mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, hatua iliyowaumiza wafugaji lakini ikaipa ardhi nafasi ya kuota majani upya."

Mwanafunzi anaandika:

"Mnamo 1979 Serikali iliagiza mifugo yote itolewe katika sehemu iliyomomonyoka ya Kondoa, jambo lililowaathiri wafugaji lakini likaipatia ardhi fursa ya kuota nyasi tena."

Hesabu alichokifanya. Amebadilisha maneno karibu kumi. "Iliamuru" imekuwa "iliagiza", "nafasi" imekuwa "fursa", "majani" yamekuwa "nyasi". Amefanya kazi kweli, pengine kwa dakika kumi na kamusi mkononi. Lakini mifupa ya sentensi ni ileile, mpangilio wa hoja ni uleule, na hakuna popote panapoonyesha kuwa yeye ameelewa nini. Zaidi ya hapo, hakutaja kitabu. Ukimwita ofisini ukamwambia ameiba, atakuapia kuwa hakuiba, na hatakuwa anasema uongo.

Vyuo vingi sasa vinategemea programu za kompyuta, Turnitin ikiwa ndiyo maarufu kuliko zote, kutoa asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo inasomwa vibaya sana. Programu hulinganisha mfuatano wa maneno ya mwanafunzi na maandishi yaliyomo kwenye hazina yake. Haijui nia ya mtu. Mwanafunzi aliyenukuu kwa uaminifu, akafunga na kufungua nukuu na kutaja kila chanzo, anaweza kupata asilimia kubwa kwa sababu ya nukuu zake na orodha yake ya marejeo. Aliyechukua makala ya Kiingereza akaitafsiri yote kwa Kiswahili anaweza kupita bila kuguswa, na vivyo hivyo aliyenakili tasnifu ya zamani iliyopo kwenye rafu ya maktaba tu. Chuo kinachosema "chini ya asilimia fulani umepita" kinawafundisha vijana kuwinda namba: wanaingiza kazi, wanaona rangi nyekundu, wanabadilisha maneno mpaka rangi ipungue. Hayo ni mafunzo rasmi ya kushona viraka. Ripoti ya programu inafaa isomwe na mwalimu na mwanafunzi wakiwa wamekaa pamoja, mstari kwa mstari, kila mmoja akiuliza: kipande hiki kimetoka wapi na kwa nini kiko hivi?

Dawa ya viraka ni zoezi linaloweza kufanyika katika vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80, bila kifaa chochote zaidi ya ubao na karatasi. Mwalimu anagawa aya moja. Wanafunzi wanaisoma mara mbili, kisha wanaigeuza juu chini au wanafunga kitabu. Kila mmoja anamgeukia jirani yake na kumweleza aya ilisema nini, kwa lugha yoyote anayoiweza kuliko zote. Huko Kondoa inaweza kuwa Kirangi, Kilimanjaro inaweza kuwa Kichaga. Hatua hii ndiyo moyo wa zoezi, na ndiyo ambayo walimu huiruka kwa kuona aibu ya "lugha ya nyumbani" darasani. Mtu hawezi kunakili akiwa anaongea kwa lugha ambayo kitabu hakikuandikwa. Analazimika kwanza kuelewa.

Baada ya hapo ndipo anaandika, kitabu kikiwa bado kimefungwa. Kisha anakifungua na kulinganisha. Anaangalia kama hajapotosha ukweli, kwa mfano mwaka au jina. Anatafuta popote ambapo maneno manne au zaidi yamefuatana sawasawa na ya kitabu, na hapo ama anayawekea alama za nukuu ama anaandika upya. Mwisho anataja alikotoa habari. Maneno manne si sheria ya mahali popote, ni kiwango cha kuanzia ambacho mwanafunzi anaweza kukikagua mwenyewe kwa kidole.

Yule kijana wetu, baada ya kupitia hatua hizo, anaweza kuandika hivi:

"Kwa mujibu wa mwandishi, majani yalirudi Kondoa baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979, na wafugaji ndio walioumia. Hasemi ng'ombe walipelekwa wapi wala waliishi vipi wale waliowategemea."

Sentensi ya pili haimo kwenye kitabu. Imetoka kichwani mwake. Amepata swali, na swali hilo linaweza kumpeleka kwenye historia ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, au kwa wazee wa huko wanaokumbuka amri ile. Akifika hapo hana sababu ya kunakili, kwa kuwa hakuna kitabu chenye jibu analolitafuta kwa sura anayoitaka.

Kufunga kitabu kuna faida nyingine iliyothibitishwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Kundi moja likakisoma tena. Kundi jingine likafunga na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara ya pili walikumbuka zaidi kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 56 ya mambo ya kifungu, waliosoma tu mara ya pili walikuwa na 42. Mwanafunzi anayekesha akipitia notisi usiku wa mtihani hujiona anajua, kwa sababu macho yanayatambua maneno. Asubuhi, karatasi ikiwa tupu mbele yake, anagundua kichwani hamna kitu, na hapo ndipo shingo inapoanza kugeukia kwa jirani.

Na wala kutaja chanzo si desturi ya kigeni kwetu. Katika darsa za pwani, msomi hutaja kitabu anachokisomesha na sheikh aliyemsomesha kitabu hicho. Watunzi wengi wa tenzi wameacha majina yao ndani ya beti zao. Mwanafunzi wa Lamu au Unguja anaijua heshima hiyo tangu chuoni kwa maalimu. Mwalimu anayeanza hapo hahitaji kuanza na vitisho vya kanuni za chuo.

Zoezi la kufunga kitabu halitamzuia anayenunua kazi nzima. Biashara hiyo ipo, na wanaoishi jirani na vyuo wanazijua steshenari ambako ukiacha mada na pesa unakuta tasnifu imechapwa na kujaladiwa. Nairobi kuna vijana wengi waliohitimu wakakosa ajira, wakaishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Profesa Patricia Kingori wa Oksfodi, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia, na filamu ya 2024 imeonyesha maisha yao. England ilipiga marufuku uuzaji wa kazi kama hizo kwa sheria ya 2022. Kinachonigusa katika habari hiyo ni kwamba wauzaji hao mara nyingi ni waandishi hodari. Wana ujuzi uleule ambao wanunuzi hawakufundishwa.

Dhidi ya kazi ya kununua, silaha kubwa ya mwalimu ni swali lenyewe. "Jadili sababu za mmomonyoko wa udongo" ni swali lenye majibu elfu yaliyokwisha kuchapwa. Lakini ukimwambia mwanafunzi aende kwenye korongo lililo karibu na chuo, apime upana na kina chake sehemu tatu, amhoji mkulima mmoja anayelima kando yake kuhusu lilivyokuwa miaka kumi iliyopita, kisha alinganishe na kile vitabu viwili vinasema, steshenari haina kazi hiyo kwenye kompyuta. Mtu anaweza bado kuagiza aandikiwe, ila mwandishi wa kukodi naye itambidi aende korongoni.

Kazi hiyo ipokewe kwa vipande. Wiki ya kwanza swali na vipimo, wiki ya tatu maelezo ya vitabu alivyosoma, wiki ya tano rasimu, mwisho kazi kamili. Udanganyifu mwingi wa vyuoni hufanyika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na mwanafunzi aliyekwisha kukabidhi vipande vitatu hana usiku wa namna hiyo.

Halafu mazungumzo. Dakika kumi za kumuuliza mwanafunzi kuhusu kazi yake hufichua mengi kuliko programu yoyote: kwa nini ulipima hapa, mkulima alikuambia nini ambacho hukukiandika, kitabu hiki unakubaliana nacho wapi? Wahadhiri watasema muda hautoshi, na wako sahihi. Darasa la wanafunzi 300, kwa dakika kumi kila mmoja, ni saa 50. Hakuna mtu mwenye saa hizo. Lakini ukiwachagua 30 kwa kura, ni saa tano, na kwa kuwa hakuna anayejua kama ataitwa, wote 300 wanajiandaa. Ila wapo wenye kigugumizi, wapo wenye haya, na wapo wanaobabaika kwa Kiingereza ingawa waliifanya kazi kwa jasho lao. Wapewe nafasi ya kueleza kwa Kiswahili, na asikatwe mtu alama kwa sababu alitetemeka.

Kwa upande wa mtihani, hofu hupungua pale siku moja inapoacha kuamua kila kitu. Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, mwaka 2023, na katika mfumo mpya tathmini za shuleni za miaka kadhaa zinahesabiwa. Tanzania, mwanzoni mwa 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Baadhi ya wazazi walinung'unika. Mimi niliunga mkono, kwa sababu orodha ile ndiyo iliyomfanya mwenye shule amwite mwalimu mkuu na kumwuliza kwa nini jirani ametuzidi, na swali hilo likishuka ngazi mpaka kwa mwalimu wa darasa la saba, linageuka kuwa kipande cha karatasi chenye herufi. Tatizo lililobaki ni kwamba alama za shuleni nazo hupikwa. Mkuu wa shule asiyeweza kuvujisha mtihani anaweza kumpa kila mtoto 90 kwenye tathmini endelevu. Ndiyo maana kazi za shuleni zinahitaji kupitiwa na walimu wa shule nyingine, wachukue chache bila kuchagua na kuzisahihisha upya.

Mwalimu mmojammoja naye ana la kufanya kesho asubuhi. Majaribio mafupi ya maswali matano kila wiki, yenye alama ndogo, yanamwonyesha mwanafunzi asichokijua akiwa bado na muda wa kukisoma. Na kwa mitihani ya ndani ya shule, jaribu kuwaruhusu waingie na karatasi moja ya kila mtu, iliyoandikwa kwa mkono wake, ikakusanywa pamoja na majibu. Kile kibomu cha soksini kinakuwa kazi halali. Anayeiandaa karatasi hiyo hulazimika kuamua kipi ni muhimu katika sura nzima, na mara nyingi akishaiandika haihitaji tena. Sharti ni kwamba maswali yawe ya kutumia maarifa, kwani ukiuliza tarehe na majina, atayanakili tu kutoka kwenye karatasi yake.

Na yule aliyekwisha kukamatwa? Nadhani kosa letu kubwa ni kuwaweka watu watatu tofauti kwenye kapu moja. Ofisa aliyeuza mtihani ni suala la sheria, na sheria imshughulikie. Mwanafunzi aliyenunua tasnifu alijua anachokifanya. Aanze upya kwa mada mpya, akiwa na msimamizi anayekutana naye kila wiki, na jambo hilo liandikwe kwenye jalada lake ili akirudia isiwe mara ya kwanza tena. Mshona viraka wa mwaka wa kwanza anahitaji dakika 80 nilizozieleza hapo juu, kisha airudie kazi yake mwenyewe, aya kwa aya, akiandika pembeni kila sentensi ilitoka wapi. Akimaliza, isahihishwe kama kazi nyingine yoyote.

Kabla kamati ya nidhamu haijaketi kumjadili, mwenyekiti angefanya vema kuomba vitu viwili mezani. Cha kwanza ni ushahidi kwamba mwanafunzi huyo aliwahi kufundishwa na kufanya mazoezi ya kuandika kutoka kwenye chanzo, tarehe na saa, mbali na lile onyo lililomo kwenye kijitabu. Cha pili ni notisi na slaidi za mhadhiri anayemshtaki, zikaguliwe kama zimetaja vitabu zilikotolewa.